Orodha ya Wazoefu

Mke wangu alifanya kazi ya kumwaga maji ya watu kwa miaka ishirini na saba. Mtaani walimwita Mama Makopo. Aliajiriwa na idara ya afya ya mji, na kazi yake ilikuwa kuingia nyumba moja baada ya nyingine akitafuta maji yaliyotulia. Alikuwa na tochi, upawa mweupe wenye mpini mrefu, na brashi ya kusugulia. Alichungulia mapipa, ndoo, vyungu vya maua, sahani zinazowekwa chini ya vyungu, mifereji ya paa, hata kifuniko cha chupa. Akiona viluwiluwi alimwita mwenye nyumba aje aangalie.

Hivyo ndivyo nilivyomjua. Mimi ni fundi wa matairi. Nyuma ya karakana yangu palikuwa na rundo la tairi kuukuu, na kila tairi lilikuwa na kikombe cha maji ya mvua tumboni. Alichota maji kwa upawa, akanisogezea usoni.

"Unaona nini humo, baba?"

"Maji."

"Angalia tena."

Wadudu walikuwa wanachezacheza kama vipande vya uzi. Akaniambia hao ni watoto wa mbu mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, yule anayeuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijazama. Akasema mbu huyo hapendi mtaro mchafu, anapenda vyombo vya watu. Nikatoboa matairi maji yapite. Moja nililiacha bila kutoboa, ili arudi wiki iliyofuata. Alirudi. Wiki ya nne akasema, "Wewe mzee wa tairi, utaniposa au utaniua kwa homa?" Tulioana mwaka huo. Nilikuwa na miaka arobaini, yeye ishirini na sita.

Mdogo wake alikuja kuishi nasi akiwa msichana mkubwa, akaingia kazi hiyo hiyo. Mimi nilimwita Shemeji tu, na humu nitamwita hivyo. Alikuwa na mdomo. Kila jioni alikagua chai yangu akisema ina sukari ya kutosha kuzalisha nyuki, na chai ya dada yake akisema haina hata harufu ya sukari. Hakupata kuinywa chai bila kuitolea maneno.

Homa ya dengi, ile inayoletwa na mbu huyo, ilipoingia mji wetu mara ya kwanza, dada mtu na mdogo mtu waliugua wiki moja. Homa kali, macho yanauma kwa nyuma, mifupa kama imepigwa rungu. Zahanati ikawapa dawa ya homa na kuwaambia wanywe maji mengi. Siku ya nane Shemeji alikuwa anafua. Mke wangu alichukua siku kumi. Watu wengi wa kikosi chao waliugua mwaka ule, na wote walipona.

Ikapita miaka mitano. Dengi ikarudi.

Safari hii mke wangu alikuwa kiongozi wa kikosi. Watu ishirini na sita walikuwa chini yake. Juu yake alikuwa msimamizi, bwana mmoja tuliyemwita Bwana Kalamu kwa sababu ya kalamu tatu za mfuko wa shati. Idara ilitaka kila nyumba yenye mgonjwa ifikiwe siku hiyo hiyo, pamoja na nyumba zote za jirani. Mbu akimuuma mgonjwa siku za mwanzo wa homa anameza kirusi. Baada ya siku nane, kumi hivi, kirusi kimejaa mwilini mwake, na kuanzia hapo kila atakayemuuma anaweza kumwambukiza mpaka mbu huyo afe. Kwa hiyo penye mgonjwa ndipo penye mbu wa kuogopwa.

Watu wa kikosi waliogopa kwenda huko. Mke wangu akafikiri siku mbili, kisha akaja na jambo lake. Nilikuwepo alipolisema. Tulikuwa tunakula.

"Surua ukiugua mara moja, umemalizana nayo," alisema. "Tetekuwanga vile vile. Kwa nini nipeleke mtu mgeni wa dengi, na ninao watu kumi na mmoja waliokwisha kuiugua?"

"Ina mantiki," nikasema.

"Tena dada, mimi nitangulie," Shemeji akasema. "Hao mbu wakiniuma watatapika."

Kesho yake mke wangu aliandika orodha ya majina kumi na moja, akaibandika ukutani ofisini. Juu yake akaandika Wazoefu. Jina la Shemeji lilikuwa la kwanza, lake la pili. Wazoefu wakapewa nyumba zenye wagonjwa. Wageni, yaani ambao hawakuwahi kuugua, wakapewa shule, makaburi na maghala. Bwana Kalamu alifurahi, akaupeleka mpango juu kama wake.

Wazoefu wakawa na majivuno. Wageni walivaa mikono mirefu na soksi na kujipaka dawa ya kufukuza mbu. Wazoefu walikunja mikono, maana joto lilikuwa kali. Wakimwona mtu amejipaka dawa walimwuliza, "Vipi, mgeni, umeshaaga nyumbani?" Shemeji alikuwa kinara wao. Aliingia chumba cha mgonjwa, akamwaga maji ya beseni, akasugua pembeni kwa sababu mayai ya mbu huyu hugandishwa ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na hukaa makavu miezi mingi yakingoja maji yapande. Kazi aliijua. Jioni alirudi na vipele vya mbu mikononi, akavionyesha kama medali.

Wiki ya tatu ikaja karatasi kutoka maabara ya hospitali kuu. Mke wangu aliiona mezani kwa Bwana Kalamu. Ilisema damu za wagonjwa zimepimwa, na hii ni dengi aina ya pili. Ya miaka mitano nyuma ilikuwa aina ya kwanza.

"Maana yake nini?" akamwuliza.

"Maana yake hospitali wanapenda namba," Bwana Kalamu akasema. "Dengi ni dengi, mama. Endeleeni."

Alinisimulia jioni. Nikamwuliza yeye anaonaje. Akasema naye anaona dengi ni dengi. Tukaliacha hapo.

Jumatatu moja Shemeji alirudi saa nne asubuhi. Akalala. Mwili ulikuwa moto kama pasi. Wakati huo alikuwa na chumba chake mtaa wa pili, mke wangu akamhamishia kwetu, akamtundikia chandarua mchana kutwa ili mbu wa nyumbani wasije wakachukua kirusi kutoka kwake.

"Si ulisema mbu watatapika?" nilimtania.

"Wametapika," akasema. "Ndani yangu."

Mke wangu hakuwa na wasiwasi. Alisema pengine ni mafua, na kama ni dengi basi itakuwa nyepesi, mwili unaijua. Akampa dawa ya homa ya kawaida. Jirani alileta vidonge vikali vya maumivu, mke wangu akavikataa, alijua kwamba katika dengi vile vinaweza kumwaga damu ya mtu. Mambo mengi aliyajua. Hilo moja ndilo hakulijua.

Jumanne, Jumatano na Alhamisi homa ilikuwa juu. Ijumaa asubuhi nilimgusa Shemeji paji la uso, lilikuwa la baridi. Mke wangu akaja akamgusa, akacheka.

"Nilikwambia. Siku nne tu. Mara ya kwanza ilikuwa saba."

Akavaa viatu vya kazi, akaenda. Nikabaki na mgonjwa. Karakana ilikuwa hatua thelathini, nikawa naenda na kurudi.

Saa tatu nilimpelekea chai. Akanywa kidogo, akatapika. Nikampelekea maji, akatapika. Akasema tumbo linamuuma, hapa chini ya mbavu, kulia. Saa nne akatapika mara ya tatu. Alikuwa anajigeuza kitandani, upande huu, upande huu, kama mtu asiyepata mahali. Nikamwambia chai ilikuwa ya dada yake, ndiyo maana imemkataa. Hakunijibu. Miaka kumi na kitu niliyomjua, hakuwahi kuacha utani wangu udondoke chini.

Nikamshika miguu. Ilikuwa ya baridi na ina unyevunyevu. Nikamwuliza mara ya mwisho kukojoa ni lini. Akasema jana jioni. Alipofungua mdomo niliona damu kwenye fizi.

Mimi si mtu wa hospitali. Lakini gari likija kwangu halichemki tena, na maji hayaonekani, sisemi limepona. Natafuta yamevujia wapi. Nilifunga karakana, nikamwomba mteja mmoja mwenye gari dogo la mizigo atupeleke. Njiani tulimkuta mke wangu na watu wake wanatoka nyumba ya mgonjwa. Nikamwambia panda.

"Homa si imeshuka?" akasema.

"Imeshuka. Panda."

Alipanda akiwa na upawa mkononi.

Hospitali palikuwa pamejaa. Muuguzi wa mlangoni alimshika Shemeji mkono, akabonyeza ukucha, akaangalia rangi inavyochelewa kurudi, akatupitisha mbele ya watu wote. Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini. Alimgusa Shemeji tumbo, akamchoma kidole kupima uzito wa damu. Akawa anaandika huku anauliza. Homa ilianza lini. Imeshuka lini. Ametapika mara ngapi.

"Amewahi kuugua dengi?"

"Ndiyo," mke wangu akasema. "Miaka mitano iliyopita. Ndiyo maana sikuwa na wasiwasi, daktari. Yeye ni mzoefu."

Daktari aliacha kuandika. Akamwangalia mke wangu, halafu upawa, halafu nembo ya idara kwenye shati.

"Nani kakwambia hivyo, mama?"

Shemeji alitundikiwa dripu kwanza. Muuguzi alikaa pale pale akihesabu matone. Ndipo daktari akatuvuta pembeni, akatueleza, amesimama, maana viti vilikuwa na wagonjwa.

"Dengi ni ndugu wanne," alisema. "Wanafanana, lakini si mmoja. Ukiugua mmoja, mwili wako unatengeneza askari wanaomjua yeye. Huyo hatakusumbua tena maisha yako. Wale watatu wengine askari wanawazuia miezi michache tu, halafu basi. Sasa akija ndugu mwingine baada ya miaka, askari wa zamani wanamwona kama wanamfahamu. Wanamkamata. Lakini hawana nguvu ya kumuua."

"Si wamemkamata?" mke wangu akauliza.

"Hapo ndipo pabaya. Kuna chembe za damu ambazo kazi yao ni kumeza kila kinachokamatwa na askari. Zinammeza akiwa hai. Na humo ndani ya chembe ndimo anamotaka kuingia, ndimo anamozaliana. Kwa hiyo askari wale wale wanamfungulia mlango. Kirusi kinakuwa kingi mno, mwili unapigana kupita kiasi, na mishipa midogo inaanza kuvuja. Si damu nyekundu, ni maji ya damu. Yanakwenda tumboni, kifuani. Damu inayobaki inakuwa nzito kama uji, na haitoshi kuzunguka. Haya huja homa ikishuka. Watu wanafurahi, wanakwenda kazini."

Mke wangu aliangalia viatu vyake.

"Kwa hiyo aliyewahi kuugua ndiye mwenye hatari zaidi," alisema.

"Si wote. Wengi wanaougua mara ya pili wanapona bila shida. Lakini wanaoletwa hapa hivi, wengi ni wa mara ya pili."

"Atapona?"

"Nitakuambia kesho kutwa. Saa arobaini na nane ndizo zenye kazi. Nikimpa maji kidogo, moyo unakosa cha kusukuma. Nikimpa mengi, yatavujia kwenye mapafu. Tutampima kila baada ya saa chache."

Nilidhani mke wangu angekaa kitandani kwa mdogo wake. Hakuwa na ndugu mwingine duniani. Alikwenda, akamrekebishia shuka, akamwambia, "Mdogo wangu, nakuja." Kisha akaniita mlangoni.

"Saa ngapi?"

"Saa nane na nusu."

"Saa kumi mbu wanaanza tena. Watu wangu wanarudi nyumba za wagonjwa saa kumi. Mikono wazi." Akanipa upawa nimshikie. "Kaa naye. Akiniuliza, mwambie nimekwenda kazini. Usimwambie zaidi."

"Na kama—"

"Najua," akasema. Akaondoka.

Yaliyotokea ofisini nilisimuliwa na mwanamke mmoja wa kikosi, mwenye mwanya, mcheshi sana. Alikuwa mmoja wa wazoefu. Anasema Mama Makopo aliingia uwanjani akiwa anahema, wazoefu wakiwa wamekwisha kujipanga, ndoo mkononi. Akawaambia wakae chini. Mwenye mwanya akamtania, "Leo kiongozi amekimbizwa na mbu." Hakucheka. Akawaambia orodha ile ni kosa lake yeye. Si la msimamizi, si la idara. Akawaeleza ndugu wanne, na askari wanaofungua mlango. Hakupunguza wala kuongeza.

Bwana Kalamu alitoka ofisini.

"Mama, unatisha watu. Nani atakwenda kwenye nyumba hizo leo?"

"Atakwenda yeyote aliyevaa mikono mirefu, soksi, na kujipaka dawa. Mzoefu au mgeni. Bila hivyo hakuna anayekwenda."

"Na mpango niliopeleka juu?"

"Niliutunga mimi. Sema ni wa Mama Makopo, sema amekosea."

Akaingia ndani, akaibandua karatasi. Hakuichana. Akafuta neno la juu, akaandika lingine: Wa kuwahishwa. Akawaambia kwamba yeyote kati ya majina hayo akipata homa, asingoje nyumbani, apelekwe hospitali apimwe, na aangaliwe zaidi homa inaposhuka. Kisha akauliza nani anajisikia vibaya. Mwanamume mmoja, mkubwa wa mwili, mchimba mifereji zamani, akasema ana homa tangu jana, lakini aliona aibu, maana yeye mzoefu. Wakamchukua. Alilazwa siku tatu, akatoka kwa miguu yake.

Nikaulizwa miaka mingi baadaye kama wenzake walimkasirikia mke wangu. Wapo waliomkasirikia. Mmoja hakumsalimu mwaka mzima. Mke wangu alimwacha na hasira zake.

Alirudi hospitali saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa sijatoka kwenye kile kibenchi.

"Vipi?"

"Damu bado nzito. Wameongeza dripu kidogo."

"Kakojoa?"

"Bado."

Akaketi. Muuguzi akaja, akachoma kidole, akaondoka. Akaja tena, akachoma kidole, akaondoka. Jumamosi yote ilikuwa hivyo. Tumbo la Shemeji lilivimba, akawa anahema juu juu. Daktari alisikiliza kifua, akapunguza matone, akasubiri, akayaongeza. Mke wangu alikuwa anashika mfuko wa mkojo aliofungiwa mdogo wake na kuuangalia kwenye mwanga, kama alivyokuwa akiangalia maji ya watu. Jumamosi mchana kulikuwa na kidole kimoja cha mkojo, rangi ya chai nzito. Jioni viwili.

Jumapili asubuhi Shemeji aliamka anajikuna. Ngozi ya mikono na miguu ilikuwa nyekundu yote, na ndani ya wekundu mabaka madogo meupe. Mke wangu akasimama akidhani ni ubaya mwingine. Daktari alipoona akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Hiyo ni dalili nzuri. Maji yanarudi kwenye mishipa." Akafunga dripu. "Sasa tukiendelea kumpa, tutamzamisha."

Mchana alikaa. Akaomba chai. Mimi nilitaka kwenda, mke wangu akanizuia kwa mkono.

"Kwanza nikwambie jambo," alimwambia mdogo wake. "Ile orodha niliiandika mimi. Nilikuweka wa kwanza. Karatasi ya maabara niliiona, nikaipuuza. Na Ijumaa ulipokuwa unapoa nilikuacha nikaenda kazini. Aliyekuleta hapa ni shemeji yako."

Shemeji alimwangalia. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Dada," alisema, "wewe uliugua siku zile zile na mimi."

"Ndiyo."

"Na ulikunja mikono kama mimi."

"Ndiyo."

"Basi ni bahati tu kwamba si wewe uliyelala hapa na mimi kwenye hicho kibenchi." Akafunga macho kidogo. "Kalete chai."

Mke wangu alikwenda mwenyewe mpaka kwenye kibanda cha nje, akarudi na kikombe kimefunikwa kisahani. Mikono mirefu ya shati lake ilikuwa imefungwa vifungo mpaka kwenye viganja, ingawa jua lilikuwa la saa saba. Alivaa hivyo mpaka alipostaafu. Dengi haikumpata tena. Alikufa mwaka jana kwa moyo, alasiri, akiwa anakunja nguo.

Shemeji alipokea kikombe kwa mikono miwili. Niliionja baadaye iliyobaki chini. Haikuwa na sukari hata chembe. Aliinywa yote, wala hakuitolea neno.